Maji ya moto na ujauzito: nyuzi 35, 38.9, 39 na 40 zinamaanisha nini

Mama mjamzito akiuliza leo kama anaruhusiwa kuingia kwenye jakuzi au kujilaza kwenye hodhi la maji ya moto, majibu atakayokutana nayo hayafanani. Mmoja atamwambia maji yasizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Mwingine atataja 38.9, wa tatu 39, na wa nne atamwambia kuwa utafiti umeonyesha maji ya nyuzi 40 hayana neno. Akizisoma namba hizi kwa pamoja, ni rahisi aone kwamba madaktari wenyewe hawajakubaliana, kisha ama aogope kila ndoo ya maji ya uvuguvugu, ama aamue kwamba yote ni maneno tu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na swali hili zamani lilikuwa nadra kwangu. Sasa linakuja mara kwa mara. Hita za shawa zimeingia majumbani, nyumba za kupanga za wageni zinatangaza jakuzi, na hoteli za ufukweni zinauza mapumziko maalumu kwa wenzi wanaotarajia mtoto. Huko mikoa ya baridi kama Njombe, maji ya moto si anasa, ni lazima. Na tangu mwaka 2020, wakati wa korona, kujifukiza kumerudi kwa nguvu, na wajawazito nao wanaingia chini ya blanketi.

Nikizitazama zile namba nne, naona ugomvi mwingi unaisha mara tu unapojua ipi inapima maji na ipi inapima mwili. Hazisemi kitu kimoja.

Mbili za mwili, mbili za maji

Nyuzi 38.9 na nyuzi 39 ni za mwili wa mama, tena joto la ndani kabisa, si la ngozi. Na kwa kweli hizo mbili ni namba moja iliyotoka kwenye rula mbili. Wamarekani hupima kwa Farenhaiti, na madaktari wao walizoea kusema joto la mama lisizidi 102. Ukiigeuza 102 ya Farenhaiti kuwa Selsiasi unapata 38.9. Wanaotumia Selsiasi tangu mwanzo wameona ni rahisi kusema 39. Tofauti ya nukta moja haina maana yoyote kwa mwili wako.

Joto la kawaida la ndani ya mwili ni karibu nyuzi 37. Kwa hiyo kutoka hali ya kawaida hadi kwenye kikomo una nafasi ya nyuzi mbili. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Miaka ya 1960 huko Australia, daktari wa mifugo aliyeitwa Marshall Edwards aliwafuatilia wanyama wadogo wa maabara waliopatwa na joto kali wakiwa na mimba, akaona watoto wao wakizaliwa na kasoro za ubongo. Kazi yake na ya wengine waliomfuata ilionyesha kuwa kwa wanyama, madhara huanza kuonekana joto la mama linapopanda kwa takriban nyuzi mbili na kukaa hapo kwa muda. Maneno "kukaa hapo kwa muda" yashike, tutayarudia.

Nyuzi 35 na nyuzi 40, kwa upande mwingine, ni za maji. Lakini hata hizi mbili zinafanya kazi tofauti. Moja haihitaji saa, nyingine bila saa haina maana.

Kwa nini jakuzi si sawa na ndoo

Mwili una njia mbili kuu za kutoa joto. Kwanza unapanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ili damu yenye joto ije ipoe juu. Pili unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mama mjamzito anazitumia njia hizi kwa bidii zaidi, kwa sababu mtoto tumboni naye anazalisha joto lake. Mtoto hana jasho wala upepo. Joto lake analitoa kupitia kondo la nyuma kwenda kwenye damu ya mama, ndiyo maana kwa kawaida yeye huwa na joto kidogo kuliko mama yake, kama nusu nyuzi hivi. Joto la mama likipanda, la mtoto linapanda nalo.

Sasa mweke mama huyo kwenye maji ya nyuzi 40 yanayofika shingoni. Jasho linatoka lakini haliwezi kukauka, liko ndani ya maji. Mishipa ya ngozi imepanuka, lakini damu inapofika juu inakutana na maji yenye joto kuliko yenyewe, kwa hiyo badala ya kupoa inarudi ndani na joto zaidi. Njia zote mbili zimefungwa, umebaki uso na kichwa tu. Na maji hupitisha joto upesi sana kuliko hewa, ndiyo maana hewa ya nyuzi 40 unaweza kuivumilia kutwa ukilalamika tu, lakini maji ya nyuzi 40 yanakubadilisha rangi ya uso ndani ya dakika chache.

Jakuzi ina jambo moja zaidi. Hodhi la kawaida la nyumbani ukilijaza maji ya moto, yanaanza kupoa papo hapo, na baada ya robo saa yameshashuka. Jakuzi ina hita na pampu. Kazi ya hita ni kuhakikisha maji hayapoi, na yale mapovu yanayosukumwa na pampu yanaleta maji mapya ya moto kwenye ngozi kila sekunde. Ukikaa saa nzima, saa nzima ni nyuzi 40.

Linganisha na mama anayeoga kwa ndoo na kopo. Maji yanamgusa kwa sekunde kadhaa, yanamwagika chini, na ngozi yake iliyolowa inapigwa na hewa na kuanza kupoa. Hata akioga kwa maji anayoyahisi ya moto kabisa, dakika kumi za kopo haziwezi kulipandisha joto la ndani ya mwili kwa nyuzi mbili. Kitakachoumia kwanza ni ngozi, naye atayaongeza maji ya baridi mwenyewe. Shawa ya hita ni vivyo hivyo. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na mama mkwe aliyemkataza mkwewe maji ya uvuguvugu miezi tisa yote, mwezi wa saba, kwenye baridi ya nyanda za juu, akiamini "mtoto ataiva". Hakuna sababu ya kitabibu ya kumtesa mjamzito namna hiyo.

Ukitaka kuchanganya vizuri kwenye ndoo ya lita 20: mahali penye joto kama Dar es Salaam, lita 3 za maji yaliyochemka juu ya lita 17 za bomba zinakupa maji yenye joto karibu na la mwili. Kwenye baridi kama Njombe utahitaji lita 5 hadi 6 zilizochemka, na za baridi 14 au 15. Anza kuweka ya baridi, kisha ongeza ya moto, na pima kwa kiwiko, si kwa kiganja. Viganja vya mama wa jikoni vimeshazoea moto, havisemi ukweli.

Tafiti zilisema nini hasa

Mwaka 1981, jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilichapisha kazi ya Harvey na wenzake. Waliwaweka wanawake wasio na mimba kwenye maji ya moto na kuwapima joto la ndani. Walichokipata ni kwamba kwenye maji ya nyuzi 39, wanawake waliweza kukaa angalau dakika 15 kabla joto la mwili halijafika 38.9. Kwenye maji ya nyuzi 41.1, ilikuwa angalau dakika 10. Ushauri unaousikia hadi leo wa "usizidi dakika kumi" una mizizi hapo. Ona kuwa nyuzi mbili tu za maji zilipunguza muda salama kwa theluthi moja.

Mwaka 1992, Milunsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha utafiti uliowatisha watu. Walikuwa wamewauliza wanawake zaidi ya elfu 23 kama mwanzoni mwa mimba walitumia jakuzi, sauna au blanketi la umeme, au walipata homa. Waliotumia jakuzi walionekana kuwa na watoto wenye mgongo wazi na kasoro za namna hiyo kwa kiwango kilichokaribia mara tatu ya wengine. Kwa sauna na kwa homa kiwango kilikuwa karibu mara mbili. Blanketi la umeme halikuonyesha hatari ya maana. Mwaka 2003, utafiti mwingine wa eneo la San Francisco ulihusisha jakuzi katika mimba changa na mimba kuharibika, karibu mara mbili.

"Mara tatu" ni neno linalotisha kuliko linavyostahili, kwa hiyo tulifanyie hesabu. Tuseme mahali fulani, kati ya mimba 1,000, moja ina kasoro hiyo. Mara tatu yake ni tatu kati ya 1,000. Mimba 997 hazina. Ni hatari ya kweli na inaepukika, ndiyo maana tunaizungumza, lakini haimaanishi kwamba kila aliyeingia kwenye jakuzi mtoto wake ameharibika.

Kisha ikaja kazi iliyoleta vichwa vya habari vya "maji ya moto ni salama". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzao walikusanya tafiti 12 za wajawazito waliofanya mazoezi, waliokaa kwenye maji ya moto au waliokaa kwenye sauna huku wakipimwa joto la ndani, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo mwaka 2019. Hakuna mama hata mmoja aliyepita nyuzi 39. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kukaa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa muda usiozidi dakika 20 hakumfikishi mama kwenye kikomo.

Kwangu mimi matokeo haya hayapingani na yale ya zamani. Utafiti wa Boston haukupima joto la mwili wala hakuna aliyeshika saa kando ya jakuzi. Wanawake walieleza walichofanya, na jakuzi za majumbani kwa watu huwa zinakaliwa mpaka mtu achoke. Utafiti wa Sydney unahusu dakika 20, kwenye maji yaliyopimwa, na mtu wa kukwambia toka. Mama wa likizo hana hivyo vitu viwili. Saa ameiacha chumbani ili isilowe, na kile kidude kinachoonyesha joto la maji mara nyingi kimeharibika au kinaonyesha namba iliyowekwa, si joto lililopo.

Ndiyo maana idara ya afya ya Uingereza, NHS, inawaambia wajawazito waliozoea mabwawa ya mazoezi ya tiba kwamba maji yasizidi nyuzi 35, na kwamba jakuzi, kwa vile zinaweza kufika nyuzi 40, ni bora kuziepuka. Maji ya nyuzi 35 yako chini ya joto la mwili. Ukikaa humo, joto linatoka kwako kwenda kwenye maji. Huhitaji saa wala themometa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya namba mbili za maji niliyoisema mwanzo: nyuzi 40 ni kikomo chenye saa, nyuzi 35 ni kikomo kisicho na saa. Mwenye wajibu wa kushauri mamilioni ya watu asiowaona atachagua kile kisichohitaji saa, nami pia ningefanya hivyo.

Wanaoniuliza kuhusu Finland wana hoja. Huko sauna ni sehemu ya maisha, wajawazito wengi huingia, na kasoro za mgongo wazi ni chache. Lakini sauna yao ina hewa kavu, jasho linakauka, mtu ameizoea tangu utoto, anakaa dakika chache na kutoka kwenda kupoa. Si sawa na kuzama shingoni kwenye maji.

Wiki zenyewe ni zipi

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama kipande bapa kinachojikunja na kujifunga kuwa mrija. Mrija huo hukamilika kujifunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Kwa hesabu ya kliniki, ambayo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni karibu wiki ya sita. Usipojifunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipojifunga juu, ubongo na fuvu havikui, na mtoto huyo hawezi kuishi.

Wiki ya sita, mama wengi wamechelewa hedhi kwa wiki mbili tu. Wengine hawajapima. Wengi hawajakanyaga kliniki. Kwa hiyo anayehitaji zaidi ushauri wa joto ni yule anayetafuta mimba au anayejua huenda ameshika, na yeye ndiye hatujakutana naye. Vidonge vya asidi ya foliki vina tatizo hilo hilo: mikrogramu 400 kwa siku zinamsaidia mtoto kuepuka mgongo wazi ikiwa mama ameanza kabla ya kushika mimba. Ukivianza wiki ya 14 vinasaidia damu yako, lakini mrija umeshafungwa zamani.

Baada ya miezi mitatu ya kwanza hatari hiyo ya mgongo wazi haipo tena, ila kikomo cha nyuzi 39 hakiondoki. Sababu inabadilika kidogo. Mishipa iliyopanuka inashusha presha, na presha ya mjamzito kwa kawaida iko chini tayari katikati ya mimba. Unasimama kutoka kwenye maji, damu inashuka miguuni, macho yanaingia giza, na sakafu ina maji. Mama wa mimba kubwa anayeanguka kwa tumbo ni dharura kubwa kuliko joto lenyewe. Wenye presha ya kushuka, upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo au historia ya kuzimia wasiingie kabisa.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Dada mmoja wa miaka 27 alinijia akiwa amekosa usingizi siku tatu. Alikuwa ametoka mapumzikoni na mumewe, hotelini kulikuwa na jakuzi, wakakaa "kama nusu saa, pengine zaidi". Kibao kiliandika 40. Alipotoka moyo ulimwenda mbio na kichwa kikamzunguka, akalala kidogo akawa sawa. Wiki iliyofuata akapima, ana mimba. Akaingia mtandaoni, akasoma "mara tatu".

Tulikaa na kalenda. Hedhi yake ya mwisho ilianza wiki saba kamili kabla ya siku ile ya jakuzi, na mzunguko wake ni wa siku 28 bila kubadilika. Kwa hiyo mimba ilitunga karibu wiki mbili baada ya hedhi hiyo, na siku ya jakuzi mtoto alikuwa na siku kama 35. Mrija ulikuwa umekwisha kufungwa takriban wiki moja nyuma. Kama tarehe zake ni sahihi, hofu yake kuu ilikuwa imempita.

Upande wa joto: nusu saa kwenye nyuzi 40 inazidi dakika 20 zilizopimwa, kwa hiyo sikuweza kumwambia kwamba hakufika 39. Moyo kwenda mbio na kizunguzungu vinasema mwili ulikuwa unahangaika. Lakini ilikuwa mara moja, alitoka mwenyewe, na joto lilishuka ndani ya muda mfupi. Hakutokwa na damu, hakuwa na maumivu ya tumbo. Nilimpa fefo, nikampangia kipimo cha utrasaundi mapema ili kuthibitisha umri wa mimba, na kingine kati ya wiki ya 18 na 22, wakati mgongo na kichwa cha mtoto vinaonekana vizuri. Hakuna dawa ya kurudisha nyuma joto lililopita, na yeyote atakayekuuzia "dawa ya kusafisha" baada ya jakuzi anakuibia. Vilevile hakuna sababu ya kufikiria kutoa mimba kwa ajili ya jambo kama hili, na alikuwa amelifikiria.

Kama tayari umeamua kuingia

Wapo watakaoingia, na ni afadhali waingie wakijua. Miezi mitatu ya kwanza acha jakuzi kabisa, pamoja na kipindi cha kutafuta mimba kuanzia nusu ya pili ya mzunguko. Baada ya hapo, muulize mhudumu ashushe joto, jakuzi nyingi zinaruhusu. Kaa ukingoni ukitumbukiza miguu, au keti mabega na mikono vikiwa nje. Dakika kumi zinatosha, na saa awe nayo mtu aliye nje ya maji. Kunywa maji kabla. Usiingie peke yako. Toka mara moja ukihisi moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, kichefuchefu au kizunguzungu, na toka taratibu, ukae kwanza. Mtoto akipunguza kucheza, tumbo likibana na kuachia, au ukiona damu au maji yakitoka ukeni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usijipime kwapani ukiwa umetoka tu kwenye maji. Ngozi imepashwa na maji, themometa itakusomea joto la maji. Subiri ukauke, upite muda kidogo, au pima mdomoni chini ya ulimi.

Chemka, kule Hai mkoani Kilimanjaro, jina linatisha lakini maji yake ni ya uvuguvugu tu, kitakachokusumbua pale ni utelezi wa mizizi. Maji moto ya Bogoria nchini Kenya ni jambo jingine, yale yanachemka kweli na hayaogeki. Kujifukiza kwa sufuria chini ya blanketi kwa dakika tano hakupandishi joto la ndani kiasi cha kutisha, ila nimeona mapaja na matumbo yaliyoungua kwa sufuria iliyopinduka. Mafua hayastahili bei hiyo.

Joto linalotupita machoni

Kuna joto moja ambalo tafiti zote hizi zinaligusa na sisi hatulisemi vya kutosha. Jakuzi inakupandisha kuelekea 39 kwa dakika kadhaa, kisha unatoka. Homa ya malaria inakufikisha 39.5 na kukushikilia hapo saa kadhaa, inashuka, inarudi usiku. Nilisema uyashike maneno "kukaa hapo kwa muda". Katika utafiti ule ule wa Boston, homa ilikuwa kwenye orodha pamoja na jakuzi. Na kwetu homa ni nyingi kuliko jakuzi mara nyingi sana.

Bado naona mama anayeogopa shawa ya moto akikaa na homa siku mbili akisema ni "mimba tu inasumbua", au akiogopa dawa kwa sababu mimba ni changa. Mimba changa huleta uchovu na kichefuchefu, haileti homa. Ukipima kwapani ukaona 37.5 au zaidi, ndani ya mwili kuna joto zaidi ya hapo, kwa sababu kwapa husoma chini kidogo. Nenda ukapimwe malaria siku hiyo, na mkojo pia, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida kwa wajawazito. Mwambie mhudumu mimba ina wiki ngapi. Tangu mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini kwa malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo hoja ya "mimba bado changa, ngoja kwanza" imepitwa na wakati.

Ukiwa njiani au usiku, parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 vinashusha homa na vinafaa kwa mjamzito, kila baada ya saa sita, visizidi dozi nne kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue mwenyewe. Vua nguo nzito, fungua dirisha, jipanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, si ya barafu, kwa sababu baridi kali inakufanya utetemeke na kutetemeka kunazalisha joto. Homa ikiambatana na kutapika kila kitu, degedege, kuchanganyikiwa, damu au kupumua kwa shida, usisubiri parasetamoli ifanye kazi. Tafuta usafiri.